Kijembe cha Shangazi na Karafuu Zilizolowa

Karatasi aliyonipa ilikuwa imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya buluu, na mwanzo wake ulisema hivi:

"Mwanangu, nakushukuru sana kwa kazi nzuri uliyonifanyia. Karafuu umezitunza hadi mvua yenyewe ikazionea huruma, ikaja kuzikosha. Mola akuzidishie bidii hiyo hiyo."

Aliyeandika ni mama mmoja mtu mzima, mwenye mikarafuu yake michache upande wa Mtambwe. Aliyeandikiwa ni mtoto wa marehemu kaka yake. Mama alikaa kwenye benchi la dukani kwangu hapa Wete, Pemba, akauweka mkoba mapajani, akaniambia: "Mwanangu, nipigie chapa barua hii. Lakini kwanza niondolee hiyo sumu. Maneno yabaki yangu, sumu itoke."

Nilimuuliza kwa nini asimpigie simu tu. Akatikisa kichwa. "Nikiisikia sauti yake ulimi wanipanda. Nimeshampigia mara mbili, na mara zote mbili nimemrushia vijembe, naye akakata."

Nina miaka 11 katika kazi hii ya steshenari. Kopi na picha za pasipoti ndizo zinazolipa kodi ya mlango, lakini kazi ninayoipenda ni kuandika upya maneno ya watu: barua za kuomba radhi, malalamiko, maelezo ya ugomvi wa mpaka wa shamba, hata ujumbe wa simu ambao mtu anaogopa kuutuma ulivyo. Na katika kazi hiyo hakuna kitu kilichonichukua muda mrefu kukijua kama hiki alichonitaka mama yule. Nilidhani kutoa kejeli ni kama kutoa mchanga kwenye mchele: unapepeta, unachagua, umemaliza. Kumbe sivyo.

Sisi wa visiwani tunalelewa na mafumbo. Mtu akitaka kumfikishia jirani ujumbe hununua kanga ambayo jina lake linausema, akajitanda, akapita mlangoni kwake mara tatu, na ujumbe umefika bila mdomo kufunguliwa. Katika mazungumzo ni hivyo hivyo. Mtu akisema "ahsante" fupi, ni shukurani. Akisema "ahsanteee" huku ameinamisha kichwa upande mmoja, mwenye akili ashajua kwamba amesutwa. Maneno ni yale yale. Kinachogeuza maana ni urefu wa sauti, jicho, mdomo uliobinuliwa, na zaidi ya yote ni lile jambo ambalo msemaji na msikilizaji wote wawili wanalijua. Kwenye karatasi, sauti haipo, jicho halipo, mdomo haupo. Limebaki lile jambo wanalolijua wawili, na kama msomaji halijui, kejeli inakufa na maneno yanabaki kwa maana yake ya juu.

Hilo nalijua kwa sababu liliwahi kunipata. Miaka ya mwanzo walikuja watu wa mtaa mmoja na barua ya malalamiko kuhusu mfereji wa maji. Iliandikwa na kijana wao mmoja hodari wa lugha, nami niliipenda nikaipiga chapa kama ilivyo: "Tunatoa shukurani zetu za dhati kwa mfereji mliotuletea. Tangu ufunguliwe hatujapungukiwa na kitu. Asubuhi tunapata upepo, jioni tunapata upepo, na siku za sikukuu upepo wenye kutu." Tuliisoma pale dukani, tukacheka sote. Baada ya wiki tatu yakaja majibu kutoka ofisi iliyoandikiwa: wamepokea barua yetu ya shukurani na wamefurahi kusikia kwamba wananchi wameridhika. Aliyeipokea alisoma sentensi ya kwanza, akaiweka kwenye faili la shukurani, na mtaa ule ukaendelea kuteka maji kisimani mwezi mzima mwingine.

Simlaumu peke yake aliyeipokea. Mtu mwenye barua 40 mezani hasomi kwa kutafuta fumbo. Fumbo linataka msomaji aliyekuwepo. Barua ya pili niliiandika kwa sentensi nne: mfereji haujatoa maji tangu wiki ya pili baada ya kufunguliwa, nyumba kadhaa zinateka kisimani, kisima chenyewe hukauka ikifika adhuhuri, tunaomba fundi aje aangalie bomba. Tangu siku hiyo, maneno ya kejeli yanapokwenda kwa mtu ambaye hakuwepo, naye anatakiwa afanye jambo, huyatoa yote. Hata yawe matamu vipi.

Barua ya shangazi ilikuwa ya namna nyingine. Kijana alikuwepo. Aliujua usiku ule wa mvua kuliko mtu yeyote. Kejeli ile angeifahamu neno kwa neno, na ndiyo maana ilikuwa mbaya: ingemfika yote.

Nikafanya nilichokuwa nimezoea kufanya. Kejeli husema kinyume cha inachokusudia, basi nikakipindua kile kinyume. "Nakushukuru" ikawa "sikushukuru," "kazi nzuri" ikawa "kazi mbaya," "umezitunza" ikawa "umezitupa." Nikamsomea:

"Mwanangu, hukuzitunza karafuu zangu. Uliziacha zikanyeshewa kwa uvivu wako na umenitia hasara."

Alinyamaza, kisha akasema: "Astaghfirullah. Mie sikumwita mvivu."

Na kweli, hakumwita. Nilirudi kwenye karatasi yake nikaitazama tena, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba ile sifa ya uongo ilikuwa inafanya kazi mbili. Moja ilikuwa kuchoma. Ya pili ilikuwa kuzuia. Mama hakutaka kumtukana mtoto wa kaka yake, basi akajificha nyuma ya "nakushukuru" ili neno "mvivu" lisitoke kinywani mwake. Mimi nilipoipindua nilimwondolea ile stara na nikamwekea mdomoni tusi ambalo yeye mwenyewe alilikimbia. Ukipindua kejeli unapata tusi. Ukweli aliokusudia mtu huwa mahali pengine, na hauwi kinyume cha maneno yake.

Nikajaribu tena, safari hii nikaenda upande mwengine kabisa:

"Mwanangu, karafuu zilizoanikwa zililowa kwa mvua na ubora wake umepungua. Naomba tuwasiliane kuhusu jambo hili."

"Hiyo ni barua ya ofisi," akasema. "Mie ni shangazi yake."

Alikuwa na haki. Nilitoa sumu na damu pamoja. Mtu aliyeumizwa akiandikiwa sentensi kavu kama zile, anayezipokea hupata baridi, na baridi kutoka kwa mtu wa nyumbani hutisha kuliko ukali. Kijana angesoma "naomba tuwasiliane" akadhani kwamba sasa si mtoto tena katika nyumba ile.

Basi nikaiacha kompyuta, nikamuagizia chai, nikamwambia anisimulie tangu mwanzo. Sikumuuliza alikusudia nini kwa lile neno la mvua. Mtu aliyetoa kejeli ukimuuliza alikusudia nini hujitetea, au hukupa kejeli nyengine. Nilimuuliza kilichotokea, siku kwa siku.

Karafuu zilikuwa majamvi manne. Zilishachumwa na kuchambuliwa, makonyo yametengwa, imebaki jua tu. Siku hizo bintiye alijifungua Chake Chake, mama akaenda kumwangalia, akamwachia mtoto wa kaka yake kazi ya kuanika. Siku tatu za mwanzo majirani walimpa habari nzuri: kijana anaanika jua likishatoka, mchana anazigeuza, na kabla ya magharibi anaanua na kufunika. Siku ya nne alikwenda kuangalia mpira. Aliwahi kuanua majamvi mawili, mawili yakabaki nje, na usiku ikanyesha ile mvua ya vuli isiyobisha hodi. Karafuu iliyolowa ikiwa katikati ya kukauka hupoteza rangi. Badala ya ule wekundu uliokoza hutoka imepauka, na ukiikunja haivunjiki kwa sauti kama kavu iliyokamilika. Kituoni zikashushwa daraja. Pesa aliyoitegemea kwa mabati ya jikoni haikutimia.

Haya yote aliyasimulia kwa utulivu. Nikamuuliza aliwezaje kujua kwamba zimelowa, maana aliporudi kutoka Chake zilikuwa zimeshatiwa magunia.

Hapo akanyoosha mkono wake wa kulia, akaukunjua mbele yangu kama kwamba bado anaushangaa. "Nilitia mkono ndani ya gunia," akasema. "Juu zilikuwa kavu. Nikauzamisha mpaka hapa kwenye kiwiko nikakuta joto. Karafuu mbichi ikifungiwa hutoa joto, wajua. Alizitia zilizolowa chini, akazifunika kwa kavu. Naye nilimkuta pale pale, ameniangalia nikitia mkono, hakusema kitu."

Macho yake yalijaa. Basi hicho ndicho kilichokuwa kidonda. Barua nzima ilizungumzia mvua, na mvua haikuwa imemuumiza kiasi hicho. Kilichomuumiza ni kwamba aliangaliwa akitia mkono.

Nimeliona jambo hili mara nyingi tangu siku ile na sasa nalitafuta kila mara: kejeli hulenga pembeni. Mtu huchagua jambo linalochekeka, linaloonekana na watu wote, akalipiga hilo, kwa sababu lile linalouma hasa ni zito kutamkika. Mke anamkejeli mumewe kwa soksi zilizotupwa sebuleni, na kidonda ni kwamba hakumuuliza hali yake siku aliyotoka hospitali. Ukitengeneza sentensi ya soksi ukaifanya ya upole, umetengeneza soksi. Kwa hiyo swali langu la kuchimba sasa ni lile nililomuuliza mama yule kwa bahati: ulijuaje, na ulikuwa unafanya nini wakati ulipojua? Jibu la swali hilo mara nyingi ndiyo barua yenyewe.

Nikamuuliza la mwisho: kijana akimaliza kusoma, afanye nini? Akafikiri. "Aje aniambie kwa mdomo wake. Na mwakani aanike yeye tena. Nimpe nani mwengine?"

Sasa nikaweza kuandika. Nilianza na ile shukurani, kwa sababu alinitaka maneno yabaki yake, na shukurani ndiyo ilikuwa neno lake la kwanza. Nilimuuliza kama kuna jambo lolote katika kazi ile ambalo anamshukuru kijana kwa moyo safi. Akasema ndiyo, zile siku tatu. Basi sikuhitaji kuiondoa shukurani. Nilihitaji kuipunguza mpaka iwe kweli. Sifa ya kejeli daima ni kubwa kuliko jambo: "sana," "kazi nzuri," "bidii hiyo hiyo." Unaikata, unaikata, mpaka ibaki sehemu ambayo msemaji anaweza kuiapia. Ikiwa hakuna sehemu inayobaki, unaitoa yote. Hapa zilibaki siku tatu.

Barua ilitoka hivi:

"Mwanangu,

Nakushukuru kwa siku tatu za mwanzo. Ulianika, ukageuza, ukaanua kabla ya magharibi, na karafuu za siku hizo zilikauka vizuri.

Siku ya nne majamvi mawili yalibaki nje, mvua ikanyesha usiku, karafuu zikalowa. Kituoni zimeshushwa daraja na pesa ya mabati haikutimia. Hilo limenisikitisha, lakini mvua ni ya Mungu na kusahau ni kwa binaadamu.

Kilichonichoma ni kwamba hukuniambia. Nilitia mkono ndani ya gunia nikakuta joto, nikajua kwamba zilizolowa zimefichwa chini, nawe ulikuwa umesimama unaniangalia. Wewe ni amana ya kaka yangu, na sikupenda tuwe na siri baina yetu.

Njoo nyumbani uniambie mwenyewe ilivyokuwa. Mwakani nataka uanike wewe tena.

Mola akuhifadhi.

Shangazi yako."

Nitaeleza maneno matatu manne, maana ndiyo kazi yenyewe. Niliandika "yalibaki nje" na "zikalowa," sikuandika "uliyaacha nje" wala "umezilowesha." Lugha yetu ina neema hii: kitendo kimoja unaweza kukisema kwa mtendaji au kukisema kwa kilichotokea, na maneno yote mawili yakawa kweli. Kuharibu na kuharibika, kuvunja na kuvunjika, kulowesha na kulowa. Katika aya ya mvua, mama hakuwa akimdai kijana kitu, basi nikayaacha majamvi yabaki yenyewe.

Lakini katika aya ya gunia nilipitiliza. Niliandika "zimefichwa chini," nikaona ni upole. Mama aliponisikia nasoma alininyooshea kidole. "Hapo hapana. Hapo weka umezificha. Mvua nimemsamehe. Hapo ndipo ninapomuuliza yeye." Nikarekebisha: "nikajua kwamba zilizolowa umezificha chini." Alikuwa amenifundisha jambo ambalo sikuwa nalo: ukilainisha kila mahali, msomaji hajui anaulizwa nini, na anayesema kwa moyo lazima pawe na mahali anapomtaja mtu waziwazi.

Jengine ni dua. Kwenye karatasi yake "Mola akuzidishie bidii hiyo hiyo" ilikuwa ndiyo ncha ya kijembe. Nilitaka kuifuta. Akasema dua isifutwe, ila ifanywe dua. Hapo ndipo tulipoandika "Mola akuhifadhi," bila kiambatisho, mwisho kabisa, mbali na lile jambo la karafuu ili isije ikafungamana nalo.

Kisha nikaipima. Kipimo changu ni hiki: naisoma barua kwa sauti huku nimebinua mdomo makusudi, kama mtu anayesuta. Sentensi ambayo bado ina kejeli ndani yake huitikia. Inakuwa tamu mdomoni. "Nakushukuru sana kwa kazi nzuri" ukiisoma kwa mdomo uliobinuliwa inakaa sawasawa, kwa sababu haina kitu ndani yake cha kuizuia. "Nakushukuru kwa siku tatu za mwanzo. Ulianika, ukageuza, ukaanua kabla ya magharibi" haikubali. Unabinua mdomo, unafika kwenye "kabla ya magharibi," mdomo unarudi wenyewe. Ukubwa wa sifa huacha nafasi ya kejeli. Hesabu na saa huifunga. Vilevile huwa naangalia vijineno vidogo vinavyobaki kama miiba baada ya samaki kuliwa. "Eti" ni mmoja wao: "eti ulisahau" haiwezi kuwa ya moyo safi hata ukiizungushia maneno gani, kwa sababu "eti" inasema kwamba msemaji haamini. "Naona" mwanzoni mwa sentensi, "hata" isiyokuwa na kazi, na heshima iliyozidi kimo, kama "bwana mkubwa" kwa mtoto wa miaka 20. Hivyo navitoa kimoja kimoja.

Isije ikafahamika kwamba kila kejeli naitoa. Kuna barua nyengine iliyonifunza kinyume chake, na hiyo ilinigharimu imani ya mtu.

Mwanamke mmoja alinijia niandike maelezo yake ya kupeleka kwa wazee wa familia waliokuwa wanasuluhisha baina yake na wifi yake. Alisema kwamba wifi yake alimwambia mbele ya wageni: "Bi harusi, wewe pumzika tu, sisi tutakupikia." Wakati ule nilikuwa nimekolea ile imani ya kusafisha. Nikaandika: "Wifi yangu aliniambia nipumzike na kwamba wao watapika." Wazee walisoma wakamuuliza kwa utaratibu kabisa: sasa kosa liko wapi, mtu amekuambia upumzike? Alirudi dukani analia. Alikuwa na miaka 9 ya ndoa bila mtoto, na "bi harusi" lilikuwa ni neno ambalo wifi yake alilitumia kila mara kumkumbusha kwamba kwao bado ni mgeni.

Hapo kejeli ndiyo iliyokuwa shauri lenyewe. Mtu akilalamikia maneno aliyoambiwa, maneno hayo hayaguswi. Yanabaki ndani ya alama za kunukuu, herufi kwa herufi, yawe mazuri au machungu. Lakini kuyabakiza peke yake hakutoshi, kwa sababu ile ile iliyoiua barua ya mfereji: wazee hawakuwepo. Basi kazi inakuwa kumpa msomaji kile ambacho waliokuwepo walikijua. Maelezo ya pili niliyaandika hivi: "Nimeolewa mwaka wa 9 sasa. Siku hiyo nilikuwa nimeshapika mimi, chakula kiko jikoni. Wifi yangu alinichukulia mwiko mkononi mbele ya wageni akasema, 'Bi harusi, wewe pumzika tu, sisi tutakupikia,' na wageni wawili wakacheka." Sikuandika kwamba alinikejeli. Ukiandika "alinikejeli" msomaji anapata hukumu yako na anaweza kuikataa. Ukimpa miaka 9, chakula kilichokwisha pikwa, mwiko na kicheko, anaisikia sauti mwenyewe.

Na kuna mahali ambapo sina ninachoweza kufanya. Alikuja mtu mmoja na maneno makali sana, yamepambwa kwa heshima, ya kumwandikia aliyekuwa mshirika wake wa biashara. Nilimuuliza ulijuaje, akanieleza vizuri. Nilimuuliza akisoma afanye nini. Akasema: "Aumie." Nikauliza tena, akasema vile vile. Kejeli kama hiyo haina kitu cha kweli kinachosubiri chini yake kutolewa, alichokusudia ameshakisema. Nilimwambia sitaweza kuifanya ya upole bila ya kuandika uongo, na uongo wa upole ukija kujulikana hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Akaondoka na karatasi yake.

Barua ya shangazi ilipelekwa na mtu wa gari mpaka Konde, alikokuwa kijana. Baada ya siku tano hivi, asubuhi, alisimama mtu mlangoni kwangu, kijana mrefu, ameshika karatasi niliyoijua kwa mkunjo wake. Akanisalimia, akauliza kama mimi ndiye niliyepiga chapa. Nikamwambia ndiye.

"Dada, nikuulize kitu," akasema, akaniwekea kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hii shukurani hapa. Ni ya kweli, au ndiyo zile zake?"

Nilimfahamu. Mtu aliyezoea kuchomwa na neno "nakushukuru" hawezi kuliamini siku moja kwa kuwa limepigwa chapa. Sikumuapia. Nilimwambia aisome tena mpaka mwisho wa aya, polepole. Akaisoma kwa sauti ya chini, "ulianika, ukageuza, ukaanua kabla ya magharibi," kidole kinafuata maneno. Alipofika hapo akasimama.

"Nani alimwambia kwamba niliwahi magharibi?" akauliza.

"Aliwauliza majirani," nikamwambia. "Siku zote tatu."

Aliikunja barua pale pale kwenye mkunjo wake, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza gari ya kwanza ya kwenda Mtambwe inaondoka saa ngapi.